Koili ya jiko inashika moto upande mmoja au haishiki kabisa: tazama soketi kabla ya kununua nyingine

Mwezi wa pili, katikati ya mvua zetu za Mtwara, nilipigiwa simu na mama mmoja wa Mikindani. "Fundi, jiko langu linaivisha wali upande mmoja. Upande wa dirishani unashika ukoko, upande wa ukutani mchele bado una kiini. Na siku hizi linazima na kuwaka lenyewe linavyotaka." Ndani ya mwaka mmoja alikuwa amekwisha kununua koili mpya mara mbili. Siku hiyo alikuwa dukani, ya tatu ameishika mkononi.

"Mama, usiilipie kwanza," nikamwambia. "Irudishe tu, nitapita jioni."

Kazi za namna hii nimezifanya nyingi, Shangani, Chikongola mpaka Lindi, na nimeona koili nzima zikitupwa jalalani huku soketi iliyoungua ikiachwa mahali pake kungoja koili nyingine iiharibu. Kwa hiyo nitaufuata mlolongo niliopita na jiko la yule mama, dalili moja baada ya nyingine, ili wewe mwenye jiko kama lile ujue pa kuanzia.

Ninazungumzia jiko lenye koili ya kuchomeka. Ni bomba jembamba la chuma lililozungushwa kama dawa ya mbu, na mwisho wake limetoa miguu miwili inayoingia kwenye soketi iliyojificha chini ya uso wa jiko. Ndani ya bomba hilo unapita waya mwembamba wenye ukinzani, na umezungukwa na unga mweupe ulioshindiliwa, kazi yake kuzuia umeme usiguse bomba la nje. Jiko la waya ulio wazi kwenye kigae cha udongo ni habari nyingine, na hapa siligusi.

Kabla ya lolote, chomoa plagi ukutani. Kama jiko limeungwa moja kwa moja ukutani bila plagi, shusha breka yake. Usitosheke na kuzungusha swichi ya jiko hadi sifuri, kwa sababu kuna swichi za majiko zinazokata waya mmoja tu, na plagi ikiwa ilifungwa kinyume, waya wa moto unabaki umefika mpaka kwenye koili ingawa jiko linaonekana limezimwa. Kisha ngoja nusu saa lipoe.

Moto upande mmoja

Dalili hii ndiyo inayowapoteza wengi. Mtu akiona wali umeiva nusu ya sufuria anasema koili imekufa upande. Lakini koili yenye miguu miwili ina waya mmoja tu ndani yake, umeingia mguu huu umetokea mguu ule. Umeme unaopita mwanzo wa waya huo ndio huo huo unaopita mwisho wake. Waya ukikatika popote, koili nzima inazima. Haiwezekani nusu ikawaka na nusu ikalala.

Koili inayoweza kufa nusu ni ile yenye nyaya mbili ndani, na utaitambua kwa miguu yake: itakuwa mitatu au minne. Hiyo ukiona duara la ndani ni jekundu na la nje ni jeusi wakati swichi iko juu kabisa, waya mmoja umekatika, au mguu mmoja haugusi kwenye soketi.

Ya mama wa Mikindani ilikuwa na miguu miwili. Basi nikafanya kipimo kisichohitaji chombo chochote. Nilifunga dirisha la jikoni, nikawasha koili bila sufuria, swichi mwisho, nikaitazama kwa dakika mbili. Ilianza weusi, ikaja wekundu wa matofali, na wekundu ule ulienea sawasawa kuanzia katikati mpaka ukingoni. Kwa hiyo koili ilikuwa inapasha sawa pande zote, na kosa lilikuwa mahali sufuria inapokutana nayo.

Ukifanya kipimo hiki ukaona sehemu fupi, kama urefu wa kidole, inang'aa kupita kwingine kote, tena karibu na rangi ya chungwa, hapo waya wa ndani umekonda au unga wa kinga umeachana na bomba. Koili hiyo bado inafanya kazi, lakini imekaribia mwisho wake na haitengenezeki. Ukiona pia bomba limevimba au limepasuka mahali hapo, usiiwashe tena.

Tukaendelea. Nilizima, nikachomoa plagi, na jiko lilipopoa nikaweka rula juu ya koili, ukingo hadi ukingo. Upande wa soketi ulikuwa umeinuka karibu nusu sentimita. Sufuria ya alumini ikikaa pale inagusa upande mmoja na kuelea upande wa pili, na chuma kisichogusa koili hupata moto mdogo sana kuliko kinachogusa. Nikageuza na sufuria yenyewe, nikaweka rula chini yake. Ilikuwa na kitako bapa, haina lawama. Lakini kwako anza na sufuria, maana hizi nyepesi zikikauka maji mara moja au mbili juu ya moto mkali, kitako kinafanya tumbo, na hapo hata koili mpya itaivisha katikati tu.

Swali likawa: kwa nini koili imeinuka upande wa soketi? Nikamwomba mama anionyeshe anavyoitoa anaposafisha. Akashika ukingo wa mbele, akainua koili juu kama mtu anayefunua kifuniko cha kisanduku, mpaka ikasimama wima huku miguu yake ingali ndani ya soketi. Akafuta bakuli la chini, kisha akailaza.

"Kila Ijumaa nafanya hivi," akasema. "Tui likifurika linaganda humo, lisipotolewa linatoa harufu."

Usafi wake haukuwa na kosa. Tatizo lilikuwa kwenye ule mwinuko. Miguu ya koili iko ndani ya vibanio vya chuma vyenye kubana kama kibanio cha nguo. Ukiinua koili wima, miguu inakuwa mtaimbo, inavipanua vibanio hivyo na yenyewe inapinda. Mguu uliopinda unailaza koili upande, na hapo wali unaiva nusu. Kibanio kilichopanuka kinaushika mguu kwa kulegea, na hapo ndipo inapozaliwa ile dalili yake ya pili.

Inawaka na kuzima, au moto umekuwa hafifu

Kwanza tuondoe lisilo kosa. Swichi nyingi za koili hazipunguzi umeme, zinaukatakata. Ukiweka moto wa kati, utasikia *tik*, koili inawaka kwa muda, halafu *tik*, inazima, na kuendelea hivyo kwa mpangilio. Hiyo ni kazi yake. Chunguza ukiwa umeweka swichi mwisho kabisa, ambapo koili inatakiwa kuwaka mfululizo.

Jambo la pili ni umeme wa mtaani. Volti zikishuka, moto unashuka zaidi ya unavyodhani. Koili ya wati 1500 kwa volti 230, ukiipa volti 200 inatoa wati 1130 hivi, na ukiipa 180 inatoa kama 920. Kama moto hafifu unakuja jioni tu, watu wote wakiwa wanapika, na koili zote mbili za jiko zinalegea pamoja huku na feni ikienda polepole, koili na soketi ziache. Lakini kama koili moja inasumbua na ya jirani yake kwenye jiko hilo hilo ni nzima, tatizo liko kwenye njia ya koili hiyo.

Kwa yule mama, moto ulikuwa unakatika ovyo, mara anapokoroga, mara sufuria inapotikiswa. Moto unaobadilika sufuria ikitikiswa, mguu unacheza ndani ya soketi. Ukitega sikio karibu utasikia mlio mdogo kama mafuta yanayokaanga, na huenda ukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Ukifika hapo, zima na usipikie tena mpaka soketi ibadilishwe.

Nilichomoa koili. Inua ukingo wa mbele kidogo tu, kama unene wa vidole viwili, kisha vuta kuelekea kwako, sambamba na uso wa jiko, mpaka miguu itoke yenyewe. Nikaipeleka dirishani. Mguu wa kulia ulikuwa unang'aa rangi ya chuma safi. Wa kushoto ulikuwa mweusi, na ncha yake ina vishimo vidogo kama vya korosho iliyotobolewa na mdudu. Vishimo vile ni alama za cheche. Nikamulika tochi ndani ya soketi: upande wa kulia kibanio cheupe, upande wa kushoto kibanio kimekuwa cha bluu na kahawia, na mwili wa soketi umeungua na kupata ufa.

Chuma kilichogeuka rangi ya bluu kwa moto kimepoteza ubanaji wake. Unaweza kukibana kwa koleo kikashika leo, kesho kikipata moto kinalegea tena. Hii ndiyo sababu sipendi ile dawa ya kubana soketi kwa bisibisi inayofanywa sana. Inampa mteja wiki mbili, halafu inamla koili.

Sasa niseme kwa nini koili mbili za mwanzo zilikufa. Nilipima. Hiki ni kipimo cha fundi, kinafanywa umeme ukiwa umewashwa, na mwenye nyumba asikijaribu. Soketi ikiwa tupu, maltimita ilisoma volti 229. Hapo fundi asiye makini anasema umeme umefika, koili ndiyo mbovu. Lakini mahali palipolegea hapali volti mpaka umeme upite. Nikarudisha koili, nikawasha, nikapima kwenye miguu yenyewe ya koili: volti 214. Volti 15 zilikuwa zimepotelea kwenye kibanio cha kushoto.

Koili ile ina ukinzani wa omu 36, kwa hiyo kwa volti 214 zilipita karibu ampea 6. Volti 15 mara ampea 6 ni wati 90. Joto la karibu glopu ile ya zamani ya wati 100, limefungiwa ndani ya kipande kisichozidi kidole gumba, bila upepo, chini ya jiko. Na koili? Ilikuwa bado inatoa wati 1270 badala ya 1450 hivi. Mpishi hawezi kuugundua upungufu huo kwa haraka, ndiyo maana soketi inaungua kwa miezi kimyakimya na mwenye jiko anaendelea kupika. Joto lile linapanda kwenye mguu, linaula mpaka mguu haupitishi tena. Mama anaambiwa koili imekufa. Ananunua mpya, inaingia kwenye kibanio kile kile kibovu, na safari inaanza upya.

Kwetu huku pwani hali inazidi kuwa mbaya kwa sababu ya chumvi. Nyumba ya Mikindani iko hatua chache kutoka majini, na hewa yenye chumvi inafanya chuma kilicholegea kipate kutu haraka. Ongeza maji ya ugali na tui la nazi yanayofurika na kuteremka kwenye bomba mpaka miguuni, yanaacha ukoko unaotenganisha mguu na kibanio. Mguu ulioshikwa imara hausumbuki sana na hayo.

Haiwaki kabisa

Hapa ndipo watu hukimbilia duka. Chomoa plagi, toa koili, na fuata mpangilio huu: macho kwanza, halafu kipimo, halafu kubadilishana.

Macho ni kama nilivyoeleza. Tazama miguu, tazama soketi, tazama mwili wa koili kama una ufa au mahali palipolipuka.

Kipimo kinahitaji maltimita, na ya bei ndogo inatosha. Iweke kwenye omu, kipimo cha 200. Gusanisha ncha zake kwanza uone inasoma nini, kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya omu moja. Kisha gusa mguu mmoja na mwingine wa koili, ukisugua kidogo ncha zipite ukoko. Koili nzima ya wati 1000 itasoma karibu omu 53, ya wati 1500 karibu 35, ya wati 2000 karibu 26. Ikitofautiana kwa omu mbili tatu si neno. Ukisoma `OL`, au `1` peke yake upande wa kushoto wa kioo, waya umekatika na koili hiyo imekufa kweli. Nunua nyingine. Kama unasoma 35 na koili haiwaki jikoni, koili haina kosa, rudi kwenye soketi, nyaya zake na swichi.

Testa ya bisibisi isikudanganye katika hili. Kibanio cha waya wa baridi kikiwa kimeungua, umeme wa moto unapita ndani ya koili mpaka mguu wa pili na kusimama hapo. Testa itawaka miguu yote miwili, na utasema umeme upo tele, ilhali hauna njia ya kurudi.

Kubadilishana ni pale jiko lina koili mbili za ukubwa mmoja: unaihamishia koili inayosumbua kwenye soketi nzuri. Ikiwaka, kosa ni soketi au nyuma yake. Ni kipimo kizuri, lakini nina sharti moja. Mguu wenye vishimo usiuingize kwenye soketi nzima, na koili nzima usiiingize kwenye soketi iliyoungua. Ubovu huu unahama. Ndiyo maana nasema macho kwanza.

Inaangusha breka, au ukigusa jiko linakupiga

Pima kati ya mguu na bomba la nje la koili, maltimita ikiwa kwenye kipimo cha juu kabisa cha omu. Inatakiwa isome `OL`. Ikisoma namba yoyote, umeme unavujia kwenye bomba. Jiko likae bila kutumika.

Kuna sababu moja ya kwetu ambayo haihitaji kutupa koili. Ule unga wa ndani hunyonya unyevu. Jiko lililokaa bila kuwashwa toka Desemba mpaka Aprili, nyumba ikiwa imefungwa kipindi chote cha mvua, linaweza kuangusha breka siku ya kwanza. Itoe koili, iweke kwenye oveni ya moto mdogo saa moja au mbili, ipoe, kisha pima tena. Ikirudi `OL`, fundi aithibitishe kwa mega, kipimo kinachosukuma volti 500, maana betri ndogo ya maltimita haioni kila uvujaji. Ikibaki na namba, itupe.

Kubadilisha soketi

Kwa mama wa Mikindani nilibadilisha vyote viwili, soketi na koili, na nilimweleza kwa nini namwingiza gharama mbili: mguu wenye vishimo ungeitafuna soketi mpya kama kibanio kibovu kilivyozitafuna koili zake. Mguu uliochafuka tu, usio na vishimo, unasuguliwa kwa msasa laini mpaka ung'ae, basi. Ila vibanio vya soketi usivisugue, vina mpako mwembamba juu yake, ukiuondoa kutu inaingia mara moja.

Soketi nzuri ina mwili wa kauri. Nyaya zinazoiingia lazima ziwe za kustahimili joto, zile zenye koti la silikoni au la nyuzi za kioo. Waya wa kawaida wa nyumbani koti lake linayeyuka pale chini. Zilizokuwepo zilikuwa zimekauka sentimita tatu za mwisho, shaba imekuwa nyeusi, nikazikata mpaka nikafikia shaba nyekundu, kisha nikabana kwa vifungo vya kubana na skrubu. Usiunge kwa risasi ya kuchomelea. Huyeyuka kabla ya kufika digrii 200, na maungio yanaachia wakati wa kupika. Soketi ikifungwa, waya wa ethi urudi kwenye mwili wa jiko, usiachwe ukining'inia.

Koili mpya iwe na wati na volti zile zile zilizopigwa chapa kwenye ya zamani, na nafasi kati ya miguu iwe sawa. Ikiwa lazima uilazimishe kuingia, hiyo si yake. Inapoingia vizuri unahisi mkazo, halafu inalala bapa yenyewe bila kusukumwa. Bakuli la chini usilifunike kwa karatasi ya alumini kwa ajili ya usafi. Kipande chake kikifika miguuni kinaunganisha moto na mwili wa jiko.

Nilipima tena koili ikiwa imewaka: volti 228 kwenye miguu, kutoka 229. Mama akabandika wali, na ulipoiva akaufunua na kuutia mwiko pande zote nne kabla hajasema neno. Nikamwonyesha tena kuvuta koili kuelekea kwake, naye akaifanya mara tatu mbele yangu. Baada ya wiki mbili nilipita njia ile, nikaomba kuitazama. Miguu yote miwili ilikuwa inang'aa, na bakuli la chini lilikuwa safi.